Kitunguu kinatutoaje machozi?

Kwa nini nikikata vitunguu machozi yanabubujika hivi, na je, zile mbinu za kuuma mkate au njiti ya kiberiti zinasaidia kweli?

Kitunguu kizima hakimlizi mtu. Unaweza kukishika, kukinusa, hata kulala nacho chumba kimoja, na jicho likabaki kavu. Shida huanza pale kisu kinapopita, kwa sababu ndani ya kila chembe hai ya kitunguu kuna vitu viwili vilivyotengwa kama majirani wenye ukuta kati yao. Upande mmoja kuna kemikali zenye salfa, ambayo mmea umeinyonya kutoka ardhini. Upande wa pili, ndani ya kifuko chake, kuna kimeng'enya, yaani kichocheo cha mabadiliko ya kikemikali. Kisu kikivunja ukuta huo, viwili hivyo vinakutana, na kinachozaliwa hapo hugeuzwa mara moja na kimeng'enya cha pili kuwa mvuke mwepesi unaopaa hadi usoni.

Hicho kimeng'enya cha pili ndicho chenye kesi. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mvuke unajitengeneza wenyewe, mpaka mwaka 2002 watafiti wa Japani walipoonyesha kuwa kuna kimeng'enya maalumu cha kazi hiyo. Kitunguu saumu hakina kimeng'enya hicho. Ndiyo maana unaweza kutwanga saumu kinu kizima, harufu ikajaa nyumba, na usidondoshe chozi.

Mvuke ukifika kwenye jicho huyeyuka katika ule unyevunyevu unaolifunika na kuichokoza mishipa ya fahamu iliyo juu ya mboni. Ubongo unapokea taarifa ya mwasho, kisha unaziamuru tezi za machozi zioshe. Kwa hiyo chozi lenyewe ni dawa, mradi usilifute kwa vidole vyenye maji ya kitunguu.

Sasa twende jikoni. Tuseme una kilo moja ya vitunguu vyekundu vya kukaangia pilau. Anza na kisu. Kisu butu hakikati, kinaponda, na kila chembe inayopondwa inaongeza mvuke. Utakijua kwa macho: ukikandamiza, ngozi ya kitunguu inabonyea kwanza kabla ya kupasuka, na ubao unabaki umelowa maji. Kisu kilichopitishwa vizuri kwenye kinoo huzama kwa uzito wake, na ubao hubaki karibu mkavu. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walipiga picha za kasi kubwa za kitunguu kikikatwa, wakaona kwamba makali ya kisu na mkono usio na pupa hupunguza vitone vya maji ya kitunguu vinavyoruka. Hiyo ndiyo mbinu ninayoiamini kuliko zote, na ndiyo inayopuuzwa zaidi.

Kisha angalia namna ya kukata. Ondoa ncha ya juu, pasua katikati, menya, laza upande uliokatwa chini ubaoni. Kitako chenye mizizi kiache mpaka mwisho, maana ukali umejaa zaidi huko, na pia kinashikilia matabaka yasitawanyike.

Jambo ambalo wengi hatulioni ni lile rundo. Vipande ulivyokwisha kukata vinaendelea kutoa mvuke kwa dakika kadhaa, nasi tunavirundika hapohapo chini ya pua. Vitie kwenye bakuli lenye kifuniko, au visogeze mbali. Kaa karibu na dirisha au washa feni, ila upepo upite kwa ubavu ukiupeleka mvuke pembeni, usiupulize kuja usoni.

Maji yanasaidia kwa sababu mvuke huo huyeyuka ndani yake. Loweka nusu zilizomenywa kwenye beseni la maji ya baridi dakika kumi hivi, utaona tofauti, ingawa huteleza, basi vishike kwa uangalifu. Kwa vitunguu vya kukaanga vikaushe kwanza, visije vikarusha mafuta.

Friji ni habari ya utata. Baridi hupunguza kasi ya vimeng'enya, hilo ni kweli, lakini katika jaribio lile la Cornell vitunguu vilivyopoa vilirusha vitone vingi zaidi. Mimi siitegemei.

Mkate mdomoni na njiti ya kiberiti havizuii kitu. Mvuke hauingilii mdomoni, unakwenda moja kwa moja kwenye jicho. Wanaovaa lenzi za macho huumia kidogo, kwa sababu mboni imefunikwa, na miwani iliyobana kote kote hufanya kazi hiyohiyo.

Na ikiwa macho yameshawaka, ondoka hapo ubaoni, nawa mikono kwa sabuni kwanza, ndipo uoshe uso kwa maji ya baridi.