Protekta ya kioo haizuii kubanwa

“Nintendo Switch yangu ya kuchezea gemu nimeshaibandika protekta ya kioo, tena ile ngumu. Kibegi cha nini tena?”

Protekta inakinga michubuko ya funguo na sarafu, na ikianguka kifudifudi huenda ikapasuka yenyewe badala ya skrini. Lakini kwenye daladala ya Bububu saa moja asubuhi adui si mchubuko, ni goti la jirani. Mkoba uko mapajani, konda anasema “sogeeni, sogeeni”, na uzito wote unaishia kwenye vile vijiti viwili vya kuongozea, maana ndivyo vilivyochomoza kuliko skrini. Kioo kilichobandikwa kati hakivifikii.

Kijiti kilichobanwa kila siku huweza kulegea. Utajua pale mchezaji wako kwenye skrini anapotembea peke yake hujagusa kitu. Ingia System Settings, kisha Controllers and Sensors, halafu Calibrate Control Sticks: ukiachia kijiti na alama isirudi kati, kimeharibika au kina vumbi.

Hivyo chukua kibegi kigumu cha zipu, si soksi ya kitambaa. Kabla hujakiamini, zungushia nailoni vidonge viwili vya unga wa chapati, viweke juu ya vijiti, funga zipu, bonyeza kifuniko kwa kiganja. Vikitoka bapa kama kaimati iliyokaliwa, kifuniko kinagusa. Cha kwangu cha kwanza kilifeli hapo, na kilikuwa kizuri kwelikweli kwa macho. Mfuko wa ndani wa kadi za gemu nao usiujaze chaja. Inaegemea skrini moja kwa moja.