Doto Akiamka Kunyonya, Mwamshe na Kurwa

Katika kliniki ya watoto hapa Lamu, mama wa pacha wanaendelea kuniambia kuwa wakubwa wao nyumbani wamewakataza kumwamsha mtoto aliyelala. Kwa mtoto mmoja anayekua vyema, katazo hilo halina neno. Kwa pacha wachanga, ndilo linalommaliza mama.

Mama mmoja wa Mkomani alikuja na pacha wa wiki 6. Doto alinyonya saa 2 usiku, kurwa akaamka saa 3 na nusu, doto tena saa 5, kurwa saa 6 na nusu, na hivyo hivyo hadi alfajiri. Watoto hawakuwa na kasoro, kwani kuamka kila baada ya saa 3 ni kawaida ya umri huo. Lakini kunyonyesha, kucheulisha na kubadilisha nepi kulichukua dakika 40 kwa kila mmoja, kwa hiyo mama hakupata hata saa nzima ya kulala kabla ya mwingine kulia.

Nilimwelekeza kwamba atakayeamka kwanza kwa njaa anyonyeshwe, na mwenzake aamshwe mara wa kwanza anapomaliza, hata kama amelala fofofo. Aamshwe hasa: afunuliwe, abadilishwe nepi, apanguswe nyayo kwa kitambaa chenye maji. Akiwekwa titini angali na usingizi, atavuta mara mbili tatu, asinzie, kisha aamke na njaa baada ya muda mfupi, na mpango wote uvunjike. Kwa njia hii mama hubakiwa na zaidi ya saa moja na nusu ya kulala mfululizo. Pacha mmoja akiwa mdogo kwa uzito, saa zifuate njaa yake yeye, asingojeshwe kamwe kwa ajili ya mwenzake.

Hofu ya kwamba kilio cha mmoja kitamwamsha mwingine imetiwa chumvi, maana pacha wengi huzoeana. Mara nyingi anayemwamsha wa pili ni mtu mzima aliyewasha taa na kumnyanyua mtoto aliyekuwa bado usingizini. Mtoto mchanga akilala huguna, hukunja uso, hujinyoosha, na macho yake huchezacheza chini ya kope; ngojeni kidogo, na mkiona anageuza kichwa kutafuta titi au ananyonya ngumi, hapo ameamka. Msiweke mto katikati yao ili kuzuia sauti, kwa sababu unaweza kumziba mtoto pumzi. Kila mmoja alale chali kwenye godoro lake gumu, chini ya chandarua.

Wapo pacha ambao njaa zao hazilingani kabisa, na kwao naona ratiba moja huwa adhabu tu. Ikiwa baada ya wiki 2 hivi wa pili bado anakataa titi kila anapoamshwa, ilhali uzito wake unapanda vyema kliniki, aachwe afuate saa zake, na mtu mwingine nyumbani ashike zamu ya kucheulisha na nepi.