Je, wajua? Kwa vipimo vitano, kanuni ya mikengeuko mitatu haikamati kitu

"Mwalimu, nimepima muda wa pendula mara tano. Kipimo kimoja kimepotoka waziwazi, lakini nikitumia kanuni ya mikengeuko sanifu mitatu, kompyuta yasema kiko sawa. Mbona?" (mwanafunzi wa kidato cha nne, Lamu)

Kanuni hiyo hushuku kipimo kilicho mbali na wastani kwa zaidi ya mikengeuko sanifu mitatu, na kipimo chako kimeshiriki kujihukumu. Ni mshukiwa aliyeketi barazani pamoja na wazee wanaoisikiliza kesi yake.

Tazama namba zako, sekunde za mabembeo 20 kwa uzi wa mita 1: 40.1, 40.3, 40.0, 40.2 na 42.1. Wastani ni 40.54 na mkengeuko sanifu ni 0.88. Ile 42.1 iko mbali na wastani kwa sekunde 1.56, yaani mikengeuko 1.77 tu. Lakini iondoe kwanza, kisha upige hesabu upya: wastani unashuka hadi 40.15, mkengeuko unakuwa 0.13, na 42.1 inajikuta umbali wa mikengeuko 15! Ilikuwa imeuvuta wastani upande wake, na kuutanua mkengeuko ambao ndio kipimio chenyewe.

Kuna kikomo kabisa. Katika vipimo n, hakuna kinachoweza kuwa mbali na wastani kwa zaidi ya (n−1)/√n ya mikengeuko. Kwa vipimo vitano ni 1.79, hata ungeandika sekunde 4000. Kwa kumi ni 2.85. Ile kanuni ya mitatu huanza kuwa na meno ukifikisha vipimo 11, na sijui ni maabara gani ya shule yenye subira hiyo.

Kwa vipimo vichache tumia mediani. Mediani yako ni 40.2. Umbali wa kila kipimo kutoka hapo ni 0.1, 0.1, 0.2, 0 na 1.9, na mediani ya umbali huo ni 0.1. Zidisha kwa 1.48 upate kitu cha kulinganisha na mkengeuko sanifu: 0.148. Sasa 42.1 iko mbali mara 13 hivi. Wengi huanza kushuku ikipita 3.5.

Kushuku si kufuta, lakini. Tafuta chanzo. Bembeo moja huchukua sekunde 2 hivi, na kipimo chako kimezidi kwa karibu sekunde 2: yaelekea ulihesabu mabembeo 21. Rudia kupima, na kwenye ripoti iache 42.1 ionekane, pamoja na sababu ya kutoitumia.

Ukiibakiza kwenye wastani, athari hufika hadi kwenye grafu ya T², mraba wa muda wa bembeo moja, dhidi ya urefu wa uzi. Mteremko wa mstari wa regresheni ni 4π²/g, na uzi wa mita 1 ndio mrefu kuliko zote ulizotumia, kwa hiyo nukta yake iko mwishoni, mahali ambapo nukta huuvuta mteremko kuliko ikiwa katikati. Nukta hiyo peke yake, pamoja na kosa, inatoa g ya 9.61. Bila kosa inatoa 9.80, na huku karibu na ikweta tunatarajia 9.78.