Madaraja ya mawasiliano: maana yake na hesabu yake

Madaraja ya mawasiliano ni mpangilio wa watu unaofahamiana nao katika makundi machache, kila kundi likiwa na muda wake ambao haupaswi kupita bila kumjulia hali aliyemo. Muda huo ndio mzunguko. Anayesema "nitampigia nikipata nafasi" hana mzunguko. Anayesema "wiki mbili zisipite" anao.

Kugawa watu si kazi ngumu. Kinachowashinda wengi ni hesabu, kwa kuwa kila daraja lina mzigo wake wa wiki, nao hupatikana kwa kugawa idadi ya watu kwa wiki za mzunguko. Mizigo yote ikijumlishwa isizidi uwezo wako.

Chukua mnunuzi wa machungwa wa Tanga mjini, anayekusanya mzigo Muheza na kuupeleka Dar es Salaam, au Mombasa kupitia Horohoro. Simu yake ina majina 340, ndugu wa nyumbani hawamo. Asianze na majina, aanze na uwezo: jioni anaweza kuzungumza na watu wawili bila kujichosha, siku sita kwa wiki. Basi ana nafasi 12.

Daraja la kwanza analipangia watu 8 kwa mzunguko wa wiki mbili: wakulima watatu, madereva wawili wa lori, wanunuzi wawili wa jumla na wakala wa forodha mpakani. Hao ni mazungumzo 4 kwa wiki. La pili lina watu 32 kwa wiki nane, nayo ni 4. La tatu lina watu 104 kwa wiki 26, yaani mara mbili kwa mwaka, na hapo pia ni 4. Jumla 12. Waliobaki 196 namba zao zipo, ila hawana ratiba, na hilo si dharau.

Waliomo ni 144. Mwanaanthropolojia Robin Dunbar alikadiria mwaka 1992 kwamba mtu humudu uhusiano na watu wapatao 150. Watafiti wengine wameipinga namba hiyo, kwa hiyo isichukuliwe kama sheria. Nafasi zako za wiki ndizo zinazoamua.

Mtu apangwe wapi? Wengi hutazama fedha, na hapo hukosea. Swali bora ni hili: asipopatikana msimu ujao, nini kitasimama? Dereva anayejua njia za mashambani wakati wa mvua anaweza kustahili daraja la kwanza kuliko tajiri anayenunua mara moja, ambaye wa mfano wake wako wengi.

Daraja la tatu hupuuzwa kuliko yote, ingawa habari mpya hutoka huko. Mark Granovetter, mwanasosholojia wa Marekani, alichapisha mwaka 1973 matokeo kuhusu watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua: takriban 17 tu kati ya 100 walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Walio karibu nawe husikia yale yale unayosikia wewe.

Kumbukumbu haihitaji mitambo. Weka 1, 2 au 3 mbele ya jina kwenye simu, majina yatajipanga yenyewe. Kwenye daftari andika tarehe ya mwisho na neno moja la kukumbuka: "mguu", "mtoto Form Four". Akikupigia yeye, au mkikutana msibani mkazungumza, andika tarehe hiyo na mzunguko uanze upya. Salamu za Idi ulizowatumia watu wote kwa mkupuo hazihesabiki. Wala haihesabiki simu ya kuulizia bei. Mkulima anayesikia sauti yako machungwa yakiiva tu anajua unachotafuta, na shikamoo yako haitabadilisha hilo. Ndiyo maana simu za nje ya msimu zina uzito zaidi.

Mpango ukianza kuharibika, daftari litaonyesha. Kila Jumamosi hesabu waliopitwa na tarehe. Wakizidi 12, yaani kazi ya wiki nzima, madaraja yamejaa kupita kiasi. Mara nyingi chanzo ni daraja la kwanza, kwa sababu kila rafiki mpya huonekana wa kwanza. Likipanda kutoka watu 8 hadi 20, mzigo wake unakuwa 10 na jumla 18. Kila wiki watu sita wanabaki, na baada ya wiki nne wamelimbikizana 24. Kuongeza simu za usiku hakuponyi, kutakuchosha tu mpaka uache vyote. Akiingia mmoja daraja la kwanza, mmoja ashuke la pili, na huko pia mmoja ashuke.

Wa daraja la tatu asiyejibu mizunguko miwili mfululizo aondolewe namba mbele ya jina lake, lakini asifutwe. Akipiga mwenyewe, anarudi.