Kuhesabu kwa kuruka: kutoka mafungu ya sato hadi jedwali la kuzidisha

Kuhesabu kwa kuruka ni kuhesabu vitu vilivyo katika mafungu yanayolingana, ukitaja jumla iliyofikiwa kila unapomaliza fungu. Mtoto anayesaidia kuuza sato huko Kirumba, Mwanza, akikuta wamepangwa watano watano, hana haja ya kumgusa kila samaki. Anagusa fungu la kwanza na kusema tano, la pili kumi, la tatu kumi na tano.

Tuseme mezani kuna mafungu 7, na pembeni wamebaki sato 3. Atakwenda 5, 10, 15, 20, 25, 30, 35. Hapo mruko unakwisha, na wale watatu wanahesabiwa mmoja mmoja: 36, 37, 38. Wengi wanaoanza huteleza papa hapa. Ulimi umeshazoea mwendo wa tano, basi wanasema 40 kwa sato wasiofika hata fungu moja. Ukisikia jibu linaishia na 0 au 5 ilhali kuna mabaki, mwambie arudi kwenye fungu la mwisho lililokamilika.

Kila anaporuka, akunje kidole kimoja. Akifika 35 atakuwa amekunja vidole 7: vidole vinasema mafungu ni mangapi, mdomo unasema samaki ni wangapi. Hilo ndilo jedwali la kuzidisha la 5, na 7 × 5 = 35 ni kituo chake cha saba. Anayelijua jedwali anafika kituoni moja kwa moja bila kupita vile sita vya nyuma. Ndiyo maana mtoto anayeliimba vizuri kuanzia 1 × 5, lakini akiulizwa 7 × 5 ghafla analazimika kuanza upya, bado anaruka tu. Kwangu hilo si kosa, ni hatua ya lazima. Mwacheni aruke mpaka vituo vimkae kichwani.

Mafungu yakiwa mengi, yagawanye. Mafungu 13 ya sato sita sita ni mafungu 10, yaani 60, na mengine 3, yaani 18. Jumla ni sato 78, na hakuna aliyehitaji kukariri jedwali hadi 13.

Yote haya yanasimama juu ya sharti moja: mafungu yalingane kwa idadi. Samaki wadogo mara nyingi hupangwa kwa macho, fungu moja lina watano, jingine sita kwa sababu ni wembamba. Kabla ya kuruka, pitisha macho kwenye kila fungu. Likiwepo moja lenye sita kati ya yale 7, ruka kama kawaida hadi 35, kisha ongeza 1. Yakitofautiana karibu yote, jedwali halisaidii. Yapange upya kwanza, au hesabu mmoja mmoja.