Je, wajua? Jedwali likigeuzwa halizungushwi, linakunjwa

*“Nimelitoa jedwali la sensa kwenye PDF nikalitia Excel. Miaka imekaa kushoto, mikoa imekaa juu, na bango langu ni la kusimama. Nitaligeuzaje bila ya kuandika upya, na kwa nini kila nikigeuza linaharibika?”* (Mwalimu wa jiografia, Wete)

Mwalimu, chukua leso ya mraba uitandaze mezani. Shika ncha ya juu kulia uikunje mpaka iangukie ncha ya chini kushoto. Ncha ya juu kushoto haikuhama, ya chini kulia nayo iko pale pale, na mkunjo umepita baina yao. Sasa fikiria kila upande umevuka mkunjo ukakaa mahali pa mwenziwe. Hivyo ndivyo Excel inavyofanya inapogeuza jedwali: seli iliyokuwa safu ya nne ya kulala na ya tano ya kusimama, inakwenda safu ya tano ya kulala na ya nne ya kusimama. Namba mbili za anwani yake zimebadilishana, basi.

Nimeanza na leso kwa sababu wengi hudhani jedwali linazungushwa kama karatasi. Ungelizungusha robo duara kuelekea kulia, majina ya mikoa yangeangukia upande wa kulia kabisa, na mwaka wa 2022 ungetangulia kushoto huku 2002 ukifuata nyuma. Ukikunja, vichwa vya juu vinashuka kushoto, vya kushoto vinapanda juu, na mpangilio wa miaka haupinduki.

Kugeuza kwenyewe ni kazi ya nusu dakika. Kinacholiharibu jedwali ni yale liliyotoka nayo kwenye PDF. PDF haijui safu. Inajua tu kwamba herufi hii iko mahali hapa pa ukurasa. Programu inayobadilisha faili hukisia mipaka ya safu kwa kutazama nafasi zilizo wazi, na kila ilipokosea unalihamisha kosa lile mpaka upande wa pili, ambako ni tabu zaidi kuliona.

Tuchukue jedwali lako hasa: watu wa mikoa mitano ya Zanzibar katika sensa za 2002, 2012 na 2022. Kosa la kwanza la kulitafuta ni vichwa vilivyokatika. Kwenye ukurasa, “Kaskazini Unguja” halikuenea kwenye safu nyembamba, likaandikwa kwa mistari miwili. Programu ikaona safu mbili za kulala: ya juu ina “Mjini, Kaskazini, Kusini, Kaskazini, Kusini”, ya chini ina “Magharibi, Unguja, Unguja, Pemba, Pemba”. Ukigeuza hivyo hivyo, utapata safu mbili za majina kushoto. Ukiona ya pili imezidi ukaifuta, bango lako litakuwa na Kaskazini mbili na Kusini mbili.

Hapo ndipo ninapoogopa zaidi, kwa sababu ya Pemba. Mwaka 2022 Kaskazini Pemba ilikuwa na watu 272,091 na Kusini Pemba 271,350. Tofauti ni watu 741 tu. Mtu akizibadilisha majina, hakuna jicho litakaloshituka, wala jumla haitasema kitu, kwa kuwa jumla haijali nani amekaa wapi.

Basi unganisha vichwa kabla ya kugeuza. Ingiza safu tupu ya kulala chini ya zile mbili, na kwenye seli ya tatu ya safu ya B uandike:

```
=B1&" "&B2
```

Ivute mpaka safu ya F. Kisha nakili safu hiyo mpya na uibandike papo hapo kama `Values`, ndipo ufute zile mbili za juu. Ukifuta kabla ya kubandika hivyo, fomula itakosa inachokisoma na utaona `#REF!` kila mahali.

Kosa la pili ni namba ambazo si namba. Zitazame zimeegemea wapi: namba halisi huegemea kulia mwa seli, maandishi huegemea kushoto. Ikiwa 593,678 imeegemea kushoto, basi kwa Excel ni neno tu, na `SUM` itarudisha 0. Mara nyingi mkosaji ni nafasi isiyoonekana iliyokuja na PDF, ambayo ukiifuta kwa nafasi ya kawaida haifutiki. Hii hapa inaiondoa pamoja na mkato wa maelfu:

```
=VALUE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(B2,CHAR(160),""),",",""))
```

Iandike pembeni, ivute kwenye namba zote, kisha urudishe matokeo mahali pake kama `Values`.

Mwisho ondoa safu ya jumla iliyotoka kwenye PDF, lakini iandike kwenye karatasi. Tutaihitaji.

Jedwali safi sasa liko A1 mpaka F4. A1 ni kona ya juu kushoto, na kwenye faili nyingi zilizobadilishwa kona hiyo huwa tupu. Andika “Mkoa” humo. Hiyo ndiyo sifuri ambayo huenda umekutana nayo: ukigeuza kwa fomula ya `TRANSPOSE`, seli tupu hutoka ikiwa 0, na kwa kuwa kona haihami, sifuri hiyo hukaa juu kabisa ya bango.

Sasa geuza. Chagua A1 mpaka F4, bonyeza Ctrl+C, usitumie Ctrl+X kwa kuwa kukata hakukubali kugeuza. Nenda seli A8, mbali na jedwali la zamani ili yasigongane. Bonyeza Ctrl+Alt+V, kisha V, kisha E, kisha Enter. V inachagua `Values`, E inatia alama kwenye `Transpose`. Ikiwa chaguo la `Transpose` limefifia, huenda faili lilifunguka likiwa ni jedwali rasmi la Excel, lile lenye vishale vya kuchuja juu. Tumia `Convert to Range` kwanza. Wenye LibreOffice wabonyeze Ctrl+Shift+V wachague `Transpose`, na wenye Google Sheets wataikuta chini ya `Paste special` kwa jina la `Transposed`.

Kwa bango napenda kubandika hivi kuliko fomula. Fomula ni nzuri pale jedwali la asili litakapobadilika na wewe unataka la pili lifuate. Namba za sensa iliyokwisha hazibadiliki, na fomula ikihamishwa faili jingine huweza kukatika usiku wa kuamkia kuchapa.

Mikato ya maelfu huenda isije pamoja na `Values`, basi irudishe kwenye mpangilio wa namba. Utakuwa na hili:

| Mkoa | 2002 | 2012 | 2022 |
|---|---|---|---|
| Mjini Magharibi | 391,002 | 593,678 | 893,169 |
| Kaskazini Unguja | 136,953 | 187,455 | 257,290 |
| Kusini Unguja | 94,504 | 115,588 | 195,873 |
| Kaskazini Pemba | 186,013 | 211,732 | 272,091 |
| Kusini Pemba | 176,153 | 195,116 | 271,350 |

Sasa jumlisha, na hapa pana mtego mwingine. Ukisimama D14 ukabonyeza kitufe cha `AutoSum`, Excel hukusanya namba zote zilizo juu yake, na kwake yeye kichwa “2022” ni namba vile vile. Utapata 1,891,795, na ukiwa na haraka utaichapa. Andika mwenyewe:

```
=SUM(D9:D13)
```

Jibu ni 1,889,773, na ndiyo Zanzibar nzima ya sensa ya 2022. Ile ya juu imezidi kwa 2,022 kamili: watu walioongezwa na kichwa cha safu. Kwa 2012 utapata 1,303,569 na kwa 2002 utapata 984,625. Linganisha na jumla ulizoziandika kwenye karatasi.

Zikilingana, bado hujamaliza, kwa sababu niliyoitaja ya Pemba. Jumla inakamata namba iliyopotea au iliyoharibika, haikamati jina lililohama. Fungua PDF yenyewe, chagua seli mbili ambazo haziko kwenye mkunjo, uzifuate kwa kidole. Mimi ningechukua Kaskazini Pemba 2022, iliyokuwa E4 na sasa iko D12, na Kusini Unguja 2002, iliyokuwa D2 na sasa iko B11. Zote mbili zikiwa sahihi chini ya jina lake na mwaka wake, majina yamefuata namba.

Kuhusu nafasi, faida ya kugeuza inapimika kwa rula. Bango la karatasi ya ukubwa wa A1 lililosimama lina upana wa sentimita 59.4, ukiacha pambizo unabaki na 51 hivi. Lilivyokuwa mwanzo, mwaka na mikoa mitano na jumla ni safu saba za kusimama, kila moja sentimita 7 na kidogo. “Mjini Magharibi” halienei hapo ila kwa herufi za pointi 26 hivi, na mwanafunzi wa dawati la nyuma hazisomi. Likigeuzwa, safu ya majina unaweza kuipa sentimita 18 na kila mwaka 11, na herufi zikafika pointi 60. Jumla inashuka chini ikawa safu ya kulala, na bango refu lina nafasi tele huko chini.

Slaidi ni kinyume chake. Ile ya kawaida ya PowerPoint ina upana wa sentimita 33.9 na kimo cha 19.05, kwa hivyo jedwali la asili, pana na fupi, linakaa vizuri zaidi. Ukitaka la kugeuzwa huko pia, geuza kwenye Excel ndipo ulilete, kwani PowerPoint na Word hazina chaguo la kugeuza jedwali.

Lakini mwalimu, kabla ya rula jiulize somo lako ni lipi. Jicho hulinganisha namba kwa wepesi zikiwa moja chini ya nyingine, laki chini ya laki. Jedwali lililogeuzwa linaweka mikoa juu na chini, basi mwanafunzi ataona mara moja kwamba Mjini Magharibi inaizidi mikoa mingine kwa mbali na kwamba mikoa miwili ya Pemba inakaribiana. Lile la asili linaweka miaka juu na chini, na hapo huonekana jambo jingine: Kusini Unguja, mkoa wenye watu wachache kuliko yote, umezidi mara mbili baina ya 2002 na 2022 sawa na Mjini Magharibi, na mikoa ya Pemba haikufika huko. Kama somo ni ongezeko la watu, ningeliacha jedwali kama lilivyo nikalilaza bango.