Gameti haibebi herufi mbili za jeni moja, hata kama jibu la mwisho limetoka

"Ticha mbona umenikata maksi na jibu la mwisho nimepata?" Hili swali nalisikia kila nikirudisha testi ya jenetiki, kidato cha nne mpaka cha sita, na wazazi nao siku hizi wanalileta. Sasa niliandike mara moja, maana dhana zenyewe ni zilezile kila mwaka.

"Mzazi ni Tt, kwa hiyo gameti yake ni Tt"

Hapana. Hii ndo inayonichosha kuliko zote na nitakaa hapa muda mrefu. Mzazi ana aleli mbili, yaani nakala mbili, za kila jeni, gameti, yaani yai au mbegu ya kiume, inabeba moja tu ya kila jeni, ndo kazi ya meiosisi, binadamu seli ya mwili ina kromosomu 46 yai lina 23. Ukiandika gameti Tt upande wa baba na Tt upande wa mama, mtoto anatoka TtTt. Wanafunzi wengi hawafiki kuiona hiyo TtTt kwa sababu uwiano wa 3:1, warefu watatu kwa mfupi mmoja, wameukariri, wanaruka kutoka gameti mbovu moja kwa moja mpaka jibu sahihi, halafu wanashangaa kukatwa. Maksi za gameti ni za gameti, 3:1 haiwezi kuzifufua.

Kwenye jeni mbili kosa linajificha zaidi. Chukua njegere za Mendel, R ni mbegu ya mviringo na r ni yenye makunyanzi, Y ni njano na y ni kijani. Swali linasema RrYy krosi na rryy. Mwanafunzi anaandika gameti za wa kwanza ni Rr na Yy, za wa pili ni rr na yy, anachora jedwali la Punnett la vyumba vinne na anapata hivi:

```
        rr      yy
Rr     Rrrr    Rryy
Yy     rrYy    Yyyy
```

Angalia vizuri hapo. Vyumba viwili, Rryy na rrYy, vinaonekana sahihi kabisa, na mwanafunzi akiviona hivyo anaridhika. Lakini Rrrr ana aleli nne za umbo la mbegu na hana hata moja ya rangi, sasa hiyo njegere ina rangi gani? Haijibiki. Na Yyyy ina rangi tu haina umbo. Chanzo ni kugawa herufi kwa jeni, Rr huku Yy kule, wakati inatakiwa kila gameti ipate moja kutoka R/r NA moja kutoka Y/y. Ikifanywa sawasawa inakuwa hivi:

```
        ry
RY     RrYy
Ry     Rryy
rY     rrYy
ry     rryy
```

Mviringo njano, mviringo kijani, makunyanzi njano, makunyanzi kijani, 1:1:1:1 (hapa jeni mbili zipo kwenye kromosomu tofauti, kama ilivyo kwa hizi za Mendel). Na cheki kitu kimoja, waliopotea kwenye jedwali la kwanza ni RrYy na rryy, yaani watoto waliofanana na wazazi wao wenyewe! Krosi ya namna hii ukikosa watoto wanaofanana na wazazi rudi kwenye gameti haraka, usiendelee hata mstari mmoja.

Ninavyosahihisha mimi ndivyo ujisahihishe na wewe kabla hujakusanya karatasi. Hesabu herufi kwanza: swali la jeni moja gameti ina herufi moja, la jeni mbili ina mbili na lazima ziwe za jeni tofauti. Halafu hesabu aina za gameti, angalia ni jeni ngapi za mzazi ambazo ni heterozaigasi, yaani zenye aleli mbili tofauti kama Rr, kila moja inazidisha kwa 2. RrYy ana mbili kwa hiyo aina 4, RrYY ana moja kwa hiyo aina 2 tu, RY na rY, na rryy hana hata moja, aina yake ni moja tu ry. Mwisho mtoto kwenye kila chumba awe na idadi ya herufi sawa na mzazi wake, si pungufu si zaidi. Haichukui hata dakika moja na inakamata karibu makosa yote ya gameti.

"Uwiano ni 3:1, imeisha hiyo"

3:1 ya nini? Tt krosi na Tt, jenotaipu ni 1 TT : 2 Tt : 1 tt, fenotaipu ni 3 warefu : 1 mfupi. Swali likiuliza jenotaipu ukajibu 3:1 umekosa, na ukiandika "3 TT : 1 tt" umekosa mara mbili maana umewageuza Tt kuwa TT. Jenotaipu inaandikwa kwa herufi za aleli, fenotaipu kwa maneno ya kinachoonekana au kupimika. Uwiano wenye namba tupu bila jina mbele yake mimi siupi maksi.

Mfano wa sikoseli unaonyesha vizuri, HbA ni aleli ya himoglobini ya kawaida na HbS ni ya sikoseli. Baba HbA HbS, mama HbA HbS, gameti za kila mmoja ni HbA na HbS, watoto 1 HbA HbA : 2 HbA HbS : 1 HbS HbS. Fenotaipu je? Inategemea unaangalia nini. Ukiuliza nani anaumwa ugonjwa wa sikoseli, ni 3 hawaumwi : 1 anaumwa. Lakini ukipima himoglobini yenyewe maabara, mwenye HbA HbS anaonekana ana aina zote mbili, kwa hiyo fenotaipu hapo inakuwa 1:2:1 sawa na jenotaipu. Soma swali limeuliza kipi ndo uandike, na jamani msimwite HbA HbS mgonjwa, huyo ni mbebaji.

"Wakizaa watoto wanne, mmoja lazima awe na sikoseli"

Sio lazima. Robo ni uwezekano wa kila mimba peke yake, mtoto wa kwanza akiwa na ugonjwa wa pili bado ana robo ileile, na wanaweza wakaumwa wawili au asiumwe hata mmoja. Mendel mwenyewe kwenye kizazi cha pili, F2, alihesabu mbegu 5474 za mviringo na 1850 za makunyanzi, ukigawa unapata 2.96:1, na hapo ni mbegu zaidi ya 7000. Sasa familia ya watoto wanne itatoa 3:1 kamili kila mara kwa lipi?

"Mrefu ni T, mfupi ni S"

Ukiandika hivyo umesema ni jeni mbili tofauti. Jeni moja herufi moja, kubwa kwa aleli tawala na ndogo kwa aleli fichi, T na t. Na ushauri wangu ambao narudia kila darasa, kama swali halijakupa herufi kwepa C, S, P na W, kubwa na ndogo zake zinafanana kwenye mwandiko wa mkono na msahihishaji hawezi kukisia ulimaanisha ipi. Chagua R, T, B au G. Kama swali limekupa S basi itumie, ila herufi ndogo ichoree kamstari chini.